Milioni moja mkononi au milioni na laki mbili kabla ya makato?

Chukua matangazo mawili ya kazi ya uhasibu Dar es Salaam. La kwanza linasema mshahara ni shilingi 1,200,000 kwa mwezi. La pili linasema "milioni moja mkononi". Wengi wataomba ile ya kwanza, kwa sababu laki mbili si pesa ya kuachwa hivi hivi. Watakuwa wamechagua kazi yenye mshahara mdogo.

Tuanze na ile ya milioni na laki mbili, tukichukulia kwamba zote ni mshahara, hakuna posho ndani yake. Kwa mwajiriwa wa sekta binafsi Tanzania Bara, wa kwanza kukata ni Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF. Mchango wote ni asilimia 20 ya mshahara, na kwa kawaida mfanyakazi hutoa asilimia 10, mwajiri naye asilimia 10. Kwa hiyo inatoka 120,000. Inabaki 1,080,000, na hiyo ndiyo inayotozwa kodi, kwa sababu mchango wa pensheni huondolewa kabla kodi haijapigwa.

Kodi yenyewe ndiyo PAYE, ambayo mwajiri huikata na kuipeleka TRA. Viwango vyake kwa mwezi vimepangwa kwa ngazi. Shilingi 270,000 za mwanzo hazikatwi kitu. Kutoka hapo hadi 520,000 kodi ni asilimia 8, kiwango kilichoanza Julai 2021. Kati ya 520,000 na 760,000 ni asilimia 20, kisha 25 hadi kufika milioni moja, na chochote kinachozidi milioni hutozwa asilimia 30. Kila ngazi hutozwa peke yake. Anayevuka milioni kwa shilingi elfu kumi hutozwa asilimia 30 ya ile elfu kumi tu, siyo ya mshahara mzima. Hofu ya watu wanaokataa nyongeza eti "itaniingiza kwenye kodi kubwa nipate pungufu" haina msingi kabisa.

Mpaka milioni moja, kodi ya ngazi zote za chini ukiijumlisha ni 128,000. Mhasibu wetu ana 80,000 juu ya milioni, na asilimia 30 yake ni 24,000. PAYE yake ni 152,000. Toa NSSF, toa kodi, anapokea 928,000.

Ile kazi ya pili inampa milioni kamili, yaani 72,000 zaidi kila mwezi. Ili mwajiri amfikishie milioni mkononi kwa njia halali, lazima kwenye vitabu aandike mshahara wa takriban 1,314,000. Hesabu yake si ngumu. Katika mishahara ya kiwango hiki, kila laki inayoongezwa hukatwa kwanza 10,000 ya NSSF, kisha asilimia 30 ya 90,000 zilizobaki, ambayo ni 27,000. Inayofika mkononi ni 63,000. Mwenye 1,200,000 anapokea 928,000, basi ili aongezewe zile 72,000 mshahara wake unatakiwa kupanda kwa laki moja na kama elfu kumi na nne hivi.

Kwa mishahara midogo uwiano ni mwingine. Anayelipwa 500,000 hukatwa 50,000 ya NSSF na kodi ya 14,400 tu, akaondoka na 435,600. Ndiyo maana kanuni ya "toa robo" ambayo watu huambiana mtaani haifai: kwa huyu inazidisha makato, na mshahara ukipanda sana inayapunguza. Afadhali kila mshahara upigiwe hesabu yake.

Lakini milioni ya mkononi ina swali ambalo lazima liulizwe kabla ya kusaini: kwenye mkataba imeandikwa ngapi? Wapo waajiri wanaoandika mshahara wa 500,000 na kumalizia zilizobaki kwa fedha taslimu au kwa jina la posho isiyoonekana kwenye hati ya mshahara. Mfanyakazi anapokea milioni yake na anafurahi. NSSF, hata hivyo, inapokea 100,000 tu kwa mwezi, 50,000 yake na 50,000 ya mwajiri. Yule wa 1,200,000 anawekewa 240,000. Kwa mwaka tofauti ni 1,680,000, na pensheni hupigiwa hesabu ya mshahara ulioandikwa, si ule uliokuwa ukiingia mfukoni. Mpango huo humwibia mfanyakazi uzee wake, na kumwita mwajiri wa namna hiyo mkarimu ni kosa. Posho ya nyumba au ya usafiri inayolipwa kwa fedha kila mwezi katika sekta binafsi kwa kawaida nayo ni mapato ya ajira na hutozwa PAYE, kwa hiyo kubadilisha jina hakuondoi kodi.

Ukishaajiriwa, hati ya mshahara itakuonyesha kama hesabu ni ya kweli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya maandishi ya malipo na makato yako. Tafuta mstari wa kiasi kinachotozwa kodi. Kwa mshahara wa 1,200,000 pasome 1,080,000. Pakisoma 1,200,000, kodi imepigwa kabla ya kuondoa NSSF. Itakuwa 188,000, na unapoteza 36,000 kila mwezi. Angalia pia kama umekatwa vitu visivyo vyako. Tozo ya SDL na mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ni mzigo wa mwajiri peke yake. Kisha ulizia taarifa ya michango yako NSSF, kwa sababu kukatwa na kupelekwa ni mambo mawili.

Deni la Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu ni jambo la pembeni katika ulinganisho huu. Linakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na linakufuata kazi yoyote utakayokwenda. Mhasibu wetu akiwa na deni hilo atakatwa 180,000 na kubaki na 748,000. Ajue hivyo kabla ya kupanga nyumba, ila asiseme kazi ni mbaya kwa sababu hiyo.

Kuna tangazo la tatu linalochanganya zaidi, la mkataba wa huduma za ushauri: 1,200,000 hizo hizo, "makato asilimia 5 tu". Ni kweli kwamba mkononi zinafika 1,140,000. Ila ile asilimia 5 ni kodi ya zuio, malipo ya awali tu. Mwenye mkataba huo si mwajiriwa. Anatakiwa kuwasilisha ritani TRA na kulipa kodi iliyobaki mwenyewe, kwa awamu. Kama hana gharama za biashara za kuondoa, kodi ya mwaka kwa mapato hayo ni 2,256,000, na zilizozuiliwa ni 720,000. Bado anadaiwa 1,536,000. Ukizigawa kwa miezi 12, pato lake la kweli ni 1,012,000 kwa mwezi. Amemzidi mwajiriwa wa 928,000 kwa 84,000, na hana zile 240,000 zinazoingia NSSF kila mwezi, wala likizo ya malipo.