Kioo Hulala Juu ya Puti

Madirisha ya mbao yenye vioo vidogo vidogo bado yapo mengi kwenye shule za zamani, nyumba za misheni na majengo yaliyotangulia alumini. Yakianza kuharibika, huanzia chini. Nje utaona puti imepasuka na kuachana na kioo. Ndani, ubao wa chini umegeuka mweusi, na ukiudunga kwa ncha ya kisu unaingia bila kikwazo. Watu husema mbao ilikuwa mbovu. Mara nyingi mbao haina kosa: aliyetia kioo alijaza puti upande wa mbele, inakoonekana, akaacha nyuma bila kitu.

Kioo hukaa ndani ya mkato wenye umbo la ngazi uliochongwa kuzunguka fremu kwa upande wa nje. Kinachokishika kisianguke si puti. Ni misumari midogo bapa isiyo na vichwa, yenye urefu wa milimita 15 hivi. Puti ya mbele huyateremsha maji ya mvua na kuifunika misumari hiyo. Puti ya nyuma, ile inayobanwa kati ya kioo na mbao, ndiyo inayozuia maji kupenya na kukikinga kioo kisiguse mbao kavukavu. Pasipo tabaka hilo, kioo hutikisika upepo ukivuma, na maji hujipenyeza hadi kwenye ubao wa chini, yasipate pa kutokea.

Puti yenyewe ni unga laini wa chaki uliokandwa kwa mafuta ya mbegu za kitani. Mafuta hayo hayakauki kwa kupotea hewani kama maji. Huvuta oksijeni na kugeuka polepole kuwa kitu kigumu, kuanzia juu kwenda ndani. Karibu kila kosa katika kazi hii ni kosa dhidi ya mafuta hayo: ama yameibwa na mbao, ama yamefungiwa kabla ya wakati, ama yameachwa wazi kwenye jua mpaka puti ikakakamaa na kupasuka.

Chukua kidirisha kimoja ambacho kioo chake kimevunjika. Vaa glavu nzito na miwani, ondoa vipande vikubwa kwanza ukianzia juu, kisha ng'oa puti kuukuu kwa patasi ya zamani. Misumari ya awali utaikuta imejificha ndani yake. Itoe kwa koleo. Kwenye jengo la zamani sana, rangi iliyopo huenda ina madini ya risasi, kwa hiyo ilowanishe kabla ya kupiga msasa na usiruhusu watoto kusogea. Mkato ukishabaki mbao safi, upake praima ya mafuta na uiache ikauke kabisa. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na malipo yake huonekana baadaye: mbao kavu hunyonya mafuta kutoka kwenye puti, ikabaki chaki inayomomonyoka kwa kidole.

Sasa pima. Tuseme nafasi ya kioo ndani ya mkato ina upana wa milimita 300 na kimo cha milimita 420. Pima kila upande mahali patatu, maana fremu za zamani hupinda, na ushike kipimo kidogo zaidi. Kisha punguza milimita 3: kioo kikatwe 297 kwa 417. Upenyo huo unaobaki pembeni si uzembe. Mbao hutanuka msimu wa mvua, na kioo kilichobanwa pande zote kitapasuka siku fremu itakapovimba. Kwa ukubwa huu, kioo cha milimita 3 kinatosha.

Kanda puti mkononi kama unga wa chapati mpaka iwe laini na isishike vidole. Ikinata, ina mafuta mengi. Iongeze unga wa chaki kidogo. Ikikatika katika, imekauka. Tia matone ya mafuta ya kitani uikande tena. Bonyeza utepe wake kwenye mkato wote bila kuacha pengo, unene wa milimita 4 au 5 hivi. Ni nyingi kuliko inavyohitajika, na ndivyo inavyotakiwa iwe.

Egemeza kioo kwanza upande wa chini, juu ya vijiti viwili vidogo vya mbao vyenye unene wa milimita 1.5, ndipo ukilaze juu ya puti. Kisukume taratibu kwa vidole ukipita kandokando tu. Usikisukume katikati hata kidogo, kwa maana hapo ndipo kinapovunjikia na kukata mkono. Endelea mpaka puti ianze kujitokeza upande wa ndani kuzunguka pande zote nne, na nyuma ya kioo libaki tabaka la milimita 2. Zunguka ndani uangalie. Kwa kuwa kioo ni kiangavu, sehemu isiyo na puti itaonekana wazi, na hapo unakitoa na kujaza upya. Hakuna njia ya kuurekebisha upungufu huo kutoka nje.

Misumari huingia ikiwa imelala bapa juu ya kioo. Tumia ubavu wa patasi pana, uuteleze juu ya kioo bila kuuinua, ugonge kwa vipigo vyepesi. Kwa kidirisha chetu, weka miwili kwenye kila upande mfupi na mitatu kwenye kila upande mrefu, jumla 10. Acha nusu hivi ya msumari nje ya mbao. Usiukaze ukakibana kioo, uguse tu.

Puti ya mbele hujazwa kwa kidole gumba, kisha hukatwa kwa kisu cha puti kilichoshikwa kwa mshazari, mkono ukienda moja kwa moja kutoka pembe hadi pembe. Mteremko wake uishie milimita 2 hivi chini ya ukingo wa mbao unaouona ndani kupitia kioo. Ukisimama ndani usiione puti ya mbele. Mwishowe kata ile iliyojitokeza ndani, kwa mshazari pia ili maji yasituame. Matambara yenye mafuta ya kitani usiyarundike: huzalisha joto yenyewe na yanaweza kuwaka moto. Yatandaze nje yakauke.

Kinachofuata ni kusubiri, na hapo wateja wengi huwaharakisha mafundi. Rangi ikipakwa siku hiyo hiyo, hukunjamana na kupasuka juu ya puti laini. Subiri wiki moja hadi mbili, mpaka juu pawe na ngozi ngumu isiyobonyea kidole, kisha paka rangi ya mafuta. Lakini usipitishe mwezi mmoja, maana jua litaikausha kupita kiasi.

Puti hii ina mipaka. Haifai kwa fremu za chuma, zinazohitaji puti yake maalumu kwa kuwa chuma hakinyonyi mafuta. Wala usiitumie kwa kioo cha tabaka mbili au kilichounganishwa kwa utando wa plastiki, kwani mafuta hushambulia kiungio chake.

Unapomkabidhi fundi kazi, mwombe akuite kabla ya kukilaza kioo, uione puti ya nyuma kwa macho yako. Na brashi ya rangi itakapofika, ivuke puti ikalale juu ya kioo kwa milimita 2, kwa sababu mstari huo mwembamba ndio unaoziba mlango wa maji kati ya puti na kioo.