Barua Pepe Moja Kati ya Lundo

Jumatatu asubuhi, mama mwenye duka la vitenge Kariakoo anafungua barua pepe kabla wateja hawajafika. Sanduku limefurika. Hazisomi kwa kufuata saa zilipoingia; anatazama kwanza nani katuma. Matangazo anayafuta bila kuyafungua, na hapo nusu ya lundo imekwisha.

Barua ya muuzaji wake wa jumla inamtia shaka: eti akaunti ya benki imebadilika, alipe leo leo. Jina ni lilelile, ila anwani imezidi herufi moja. Haijibu, kwa kuwa jibu lingemfikia huyohuyo tapeli. Anampigia muuzaji kwa namba aliyo nayo daftarini siku zote. Akaunti haijabadilika.

Zimebaki za wateja. Wengi wameandika "bei?" tu, basi, hao watasubiri hadi mchana. Mmoja wa Morogoro ameeleza kila kitu: doti 30 za kitenge cha kijani kwa ajili ya sare ya harusi, zifike Ijumaa kwa basi. Huyu ana idadi, rangi na siku, na kila saa inayopita inampunguzia nafasi. Mama anahesabu mzigo rafuni, anakuta 34, ndipo anaandika:

"Shikamoo dada, doti 30 zipo. Ukilipa nusu leo, kesho kutwa mzigo unapanda basi. Iliyobaki utamalizia kabla haujaondoka."

Ukimwandikia mwenye duka, taja idadi na siku unayohitaji mzigo.