Mwalimu Anaposaidia Wizi wa Mtihani: Namna ya Kutoa Taarifa na Kinga Anayopewa Mtoa Taarifa

Kila mwaka, msimu wa mitihani ya kumaliza shule ya msingi unapowadia nchini Uganda, karatasi za mtihani huhifadhiwa chini ya ulinzi wa polisi na kusafirishwa zikiwa zimefungwa. Kwa hiyo wananchi wengi hudhani kwamba wizi wa mtihani maana yake ni kuvuja kwa karatasi kabla ya siku yake. Ukweli ni kwamba udanganyifu unaosumbua zaidi hutokea baada ya bahasha kufunguliwa kihalali. Mwalimu au mfanyakazi wa shule hupata nakala ya maswali, huyajibu akiwa amejificha mahali fulani, kisha majibu hupenyezwa chumbani kwa msaada wa msimamizi. Huo ndio udanganyifu tunaotaka kuueleza hapa, kwa sababu mara nyingi wanaouona si maafisa wa Baraza la Mitihani la Taifa (UNEB), bali ni mpishi, mlinzi, mzazi au jirani wa shule.

Tuchukue mfano. Mwanamke mmoja ni mpishi katika shule iliyo karibu na mpaka. Siku ya mtihani wa hisabati, yapata saa tano na robo asubuhi, anaingia stoo kuchukua unga na kumkuta mwalimu wa shule hiyo akiandika haraka, karatasi ya maswali ikiwa mbele yake. Muda mfupi baadaye anamwona msimamizi akitoka chumba cha mtihani, akipokea kikaratasi kilichokunjwa na kurudi nacho ndani. Mpishi huyu hajui hisabati, wala hakusoma kilichoandikwa. Je, anayo taarifa ya kutoa?

Anayo. Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa ya mwaka 2010 haimtaki mtoa taarifa awe na ushahidi uliokamilika. Inamtaka awe na nia njema na sababu ya msingi ya kuamini kwamba jambo analolisema ni kweli. Anayekosea kwa nia njema hatendi kosa. Anayetenda kosa ni yule anayetoa taarifa huku akijua kwamba ni ya uongo, kwa mfano ili kumkomoa mwalimu aliyegombana naye.

Aipeleke wapi? Mfanyakazi anaweza kuanzia kwa mwajiri wake. Lakini iwapo anahofia kwamba mkuu wa shule anahusika, ataificha habari hiyo au atamwadhibu, sheria inamruhusu kwenda nje ya shule. Miongoni mwa ofisi zilizotajwa ni Jeshi la Polisi, Inspekta Jenerali wa Serikali, Tume ya Haki za Binadamu na Kamishna Mkazi wa Wilaya. Wakati mtihani ungali unaendelea, kituo cha polisi kilicho karibu ndicho kinachofaa zaidi. Kwa dharura hupigwa simu namba 999.

Hapa wakati una uzito wa pekee. Taarifa ikifika saa tano na nusu, askari na maafisa wa mitihani wanaweza kukikuta kikaratasi chumbani, nakala ya maswali stoo, na mwandiko wa mwalimu juu yake. Ushahidi huo unasimama wenyewe, na pengine mpishi hatahitajika kutajwa popote. Taarifa ikifika baada ya wiki mbili, vikaratasi vimekwisha kuchomwa na kesi yote inabaki juu ya ushahidi wa macho ya mtu mmoja. Hapo huenda akaombwa kusimama mahakamani. Hivyo basi, kutoa taarifa mapema ni kinga ya kwanza ya mtoa taarifa mwenyewe.

Tunawasihi wananchi wasijaribu kumnyang'anya mwalimu karatasi wala kuingia chumba cha mtihani. Vilevile, mtu akitumiwa kwenye simu picha inayodaiwa kuwa ya maswali, asiisambaze kwa wengine hata kwa nia ya kuwaonya, kwani kusambaza maswali kunaweza kumfanya yeye mwenyewe kuwa mtuhumiwa. Aipeleke simu yenyewe polisi ikiwa na ujumbe huo.

Kituoni, mpishi wetu anaweza kueleza kwa mdomo au kwa maandishi. Ataulizwa jina lake, anwani na kazi yake, jambo gani lilitendeka, nani alilitenda, wapi na saa ngapi, nani mwingine aliona, na kama amewahi kutoa taarifa hiyo mahali pengine. Aseme alichokiona tu. "Nilimwona akipokea kikaratasi" ni kauli yenye nguvu kuliko "shule ile yote inaiba." Akieleza kwa mdomo, afisa ataandika maneno yake. Ikiwa hajui kusoma, maandishi hayo yasomwe na kufasiriwa kwa lugha anayoielewa, naye ayakubali kabla ya kutia sahihi au alama yake. Afisa anapaswa kuandika saa na mahali taarifa ilipopokelewa, kumpa mtoa taarifa hati ya kuthibitisha kwamba imepokelewa, na kuyahifadhi maandishi kwa siri. Hati hiyo itunzwe vizuri, lakini isiwekwe shuleni.

Afisa anayefichua utambulisho wa mtoa taarifa kinyume cha sheria anatenda kosa. Adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka 5, au faini isiyozidi shilingi 2,400,000, au vyote viwili. Anayemwadhibu mtoa taarifa kwa sababu ya taarifa yake anakabiliwa na adhabu hiyo hiyo. Basi tuseme mkuu wa shule anaanza kushuku, na mwezi unaofuata anamfukuza mpishi kazi bila sababu. Mpishi anaweza kupeleka malalamiko yake kwa Inspekta Jenerali wa Serikali au Tume ya Haki za Binadamu. Kufukuzwa, kushushwa cheo, kuhamishwa bila ridhaa na kusumbuliwa kazini vyote huhesabiwa kuwa uonevu. Akitishiwa maisha au mali, yake au ya familia yake, anayo haki ya kuomba ulinzi wa Serikali. Wala hawezi kushtakiwa kwa kutoa taarifa iliyotolewa kwa kufuata sheria hii.

Kinga hiyo ina mipaka yake. Anayetoa taarifa kisha akasimulia sokoni kwamba ndiye aliyeitoa, ameivunja siri ambayo afisa hawezi tena kuirudisha. Mpaka wa nchi nao una maana yake. Kosa lililotendeka katika shule iliyo Uganda huchunguzwa Uganda; kwa hiyo mzazi anayeishi ng'ambo, ambaye mtoto wake huvuka kila asubuhi kuja kusoma, atoe maelezo yake katika kituo cha upande huu. Lakini akitishwa nyumbani kwake ng'ambo, akaripoti pia kwa polisi wa huko, kwa maana askari wetu hawana mamlaka kuvuka na kumlinda.

Wapo wazazi wanaonyamaza wakihofia kwamba matokeo ya watoto wote yatazuiliwa. Ni kweli kwamba Baraza linaweza kuzuia matokeo ya kituo kinachoshukiwa hadi uchunguzi umalizike, na kuyafuta udanganyifu ukithibitika. Hata hivyo, udanganyifu hugunduliwa pia wakati wa kusahihisha, pale watahiniwa wa chumba kimoja wanapoandika jibu moja lenye kosa moja. Ikifikia hapo, mtoto aliyekataa kikaratasi huwa vigumu kumtenga na aliyekipokea. Taarifa ya mapema, yenye kutaja chumba, saa na mtu, ndiyo inayosaidia kuwatenga.