Kikapu cha Pima Nne

Kishike kikapu cha miyaa, kile cha kwendea sokoni, ukigeuze juu chini. Weka kidole katikati ya kitako, ufuate mshono. Kidole kitazunguka kitako, kitapanda ubavuni, kitaendelea kuzunguka mpaka kifike mdomoni, wala hutakuwa umekinyanyua. Kikapu kizima ni utepe mmoja mrefu uliozungushwa na kushonwa ukingo kwa ukingo. Utepe huo ndio ukili, na karibu kila kitu kinachofanya kikapu kidumu au kiharibike upesi kiliamuliwa ukili ulipokuwa unasukwa, kabla hakijawa kikapu.

Hiki nilicho nacho kilisukwa na shangazi yangu huko Kwale, pwani ya Kenya, kwa miyaa, yaani majani ya mkoma. Mkoma ni mti wa jamii ya mnazi unaoota kwenye mchanga mkavu, na majani yake yamefunguka kama kipepeo cha mkono. Mikeka laini ya kulalia wengi huisuka kwa ukindu, unaotoka kwenye mkindu, mti wa mabondeni na kando ya maji. Kwa kikapu cha kubebea viazi na samaki shangazi hutaka miyaa, kwa kuwa ni migumu zaidi.

Jani lililokwisha kufunguka halimfai. Limekomaa, ni kijani, na ukilikunja linapasuka. Anachotafuta ni jani changa la katikati, ambalo bado limejifunga na kusimama wima kama mkuki. Ndani yake ni jeupe na laini. Lakini jani hilo ndilo uhai wa mti: kila shina lina kiini kimoja tu cha kuchipulia, na anayekata kila chipukizi linalotokea atauona mti ukidhoofika mpaka ufe. Shangazi hukata moja kwenye shina, kisha huliacha shina hilo lifungue majani mengine kabla hajalirudia.

Nyumbani jani hupasuliwa, uti wake mgumu ukatolewa, yakaanikwa juani kwa siku kadhaa. Jua huyakausha na kuyafanya meupe. Adui wa hatua hii ni mvua. Miyaa ikilowa kabla haijakauka vizuri huota ukungu, na ukungu huacha vidoa vyeusi ambavyo havitoki hata kwa kuchemshwa. Ndiyo maana mawingu yakikusanyika utaona watu wanakimbilia miyaa kabla ya nguo.

Ikishakauka huchanwa kuwa chane, vipande vyembamba vya upana mmoja. Kwa macho kazi hii ni ndogo, lakini mimi naiona kuwa ndiyo inayomtofautisha fundi na mwanafunzi. Chane moja ikiwa pana kuliko wenzake, ukili utajipinda upande mmoja, na ukili uliopinda haushoniki ukakaa sawa. Chane za kutiwa rangi huchemshwa kwenye sufuria ya maji na rangi ya unga, kisha huanikwa tena. Zamani magome ya mkoko yalitoa rangi nyekundu ya kahawia, na yapo bado kwa anayetaka kuyatumia.

Sasa kusuka. Chane kavu haisukwi, kwa kuwa itavunjika pale inapokunjwa. Shangazi huzinyunyizia maji na kuzifunga kwenye kitambaa kibichi, na hupenda kazi ya asubuhi na mapema, hewa ikiwa bado na unyevu. Hata hivyo hazilowanishi mno. Chane iliyoshiba maji huvimba, na ukili ukishakauka kila chane hunywea na kuacha mwanya. Ukikiinua kikapu kuelekea dirishani ukaona vitundu vya mwanga kila mahali, basi kilisukwa kikiwa kimelowa sana.

Vidole hupitisha chane juu ya mbili na chini ya mbili, zote zikienda kwa mshazari. Kila inapofika ukingoni hukunjwa na kurudi. Inapokaribia kwisha, nyingine huingizwa chini yake na kusukwa pamoja nayo kwa hatua chache, ili mwanzo wa mpya na mwisho wa kuukuu vishikwe. Vincha vinavyobaki vinaelekezwa upande utakaokuwa ndani, na hukatwa baadaye. Hii ni kazi inayofanyika watu wakizungumza, na ukili unavyorefuka hukunjwa kama roli na kuwekwa pembeni.

Urefu gani unahitajika? Chukua kikapu hiki. Mdomo wake una kipenyo cha sentimita 30 na kina chake ni hizo hizo 30. Ukili una upana wa sentimita 6, kwa hiyo ubavu umekula mizunguko mitano. Mzunguko mmoja ni kama sentimita 94, basi ubavu ni sentimita 470. Kitako kimechukua kama 120. Jumla ni karibu mita 6. Pima ya shangazi, mikono miwili ikinyooshwa, ni mita moja na nusu, hivyo kikapu ni karibu pima nne. Sasa fikiri chane zingepunguzwa upana kwa nusu. Eneo ni lile lile, lakini mahali chane zinapokutana pangekuwa mara nne, na vidole vingefanya kazi mara nne. Anayeshangaa kwa nini vikapu viwili vya ukubwa mmoja havilingani bei atazame upana wa chane.

Kushona hufanywa kwa shazia, sindano kubwa ya mikeka, na uzi ni chane ya miyaa. Pale chane ilipokunjwa ukingoni panabaki kijitundu. Shazia hupita kwenye kijitundu cha upande huu, kisha cha upande wa pili, kingo mbili zikaingiliana na mshono usionekane kwa urahisi. Ncha ya ukili hukunjwa na kushonwa, kisha utepe huzungushwa pembeni yake. Kitako kikitosha, fundi huanza kuvuta uzi kwa nguvu zaidi, na mzunguko unaofuata husimama wenyewe. Akivuta mapema mno, kitako hujikunja kama kifuniko cha chungu na kikapu huyumba sakafuni.

Mzunguko wa mwisho una tatizo lake, kwa sababu ukili unaozunguka ukikatwa ghafla huacha ngazi mdomoni. Shangazi huanza kuacha chane moja moja mapema, ukili ukawa mwembamba kidogo kidogo mpaka uishie patupu, ndipo mdomo ukawa sawa.

Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania tarehe 1 Juni 2019, wengi wetu tulirudi kwenye kikapu bila kujua tukitazame wapi. Tunatazama rangi. Tazama mikono kwanza. Iliyoshonwa mdomoni tu hubeba uzito wote kwenye mishono michache, na hapo ndipo kikapu hukatika. Mikono mizuri hushuka ubavuni, hupita chini ya kitako na kupanda upande wa pili, ili mzigo ukae juu ya kamba yenyewe. Kisha sugua rangi kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Ikitoka kwenye kitambaa itatoka kwenye nguo zako.

Kikilowa kianike chenyewe, kikiwa kitupu, mahali penye upepo, wala usikifungie kabatini. Kitako kikitoboka, fundi hushona juu yake mzunguko mwingine wa ukili, na kwa kuwa hutumia shazia ile ile na vijitundu vile vile, kikapu hurudi sokoni siku hiyo hiyo.