MAMA ALIYEZAA NA MANENO YA CHINI YA PICHA

Siku hizi mtoto akizaliwa Lubumbashi, habari zake hufika Likasi, Kolwezi na Kasenga kabla mama hajatoka materniti. Baba au yaya hupiga picha kwa simu, naye huituma kwa kikundi cha jamaa. Chini yake huandika maneno machache: Mungu ni mwema, mama na mtoto ni wazima. Maneno hayo ni mazuri. Lakini baada ya siku saba au nane, mama mwenyewe akitaka kuandika, hukuta moyoni mwake mambo mawili kwa pamoja. Amechoka kuliko alivyopata kuchoka maisha yake yote. Tena anaona wazi kwamba anapendwa. Akiandika juu ya uchovu, anaogopa kwamba nkambo wa Kasenga atafunga mzigo usiku uleule. Akinyamaza, jamaa watadhani hana haja ya msaada.

Katika ukurasa huu twataka kuonyesha namna mama awezavyo kusema kweli yote, bila kuwatia watu hofu ya bure.

Uchovu huo watoka wapi?

Kwanza ujue kwamba uchovu wa mama aliyezaa si uvivu, wala si dalili ya kukosa shukrani. Una sababu zinazohesabika. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hata 12 kwa usiku na mchana. Tuseme ananyonya mara 10, na kila mara ni nusu saa. Hizo ni saa 5. Ongeza kumwinua atoe hewa, kumbadilisha kitambaa na kumbembeleza, nazo zafika saa 8 au zaidi, sawa na siku nzima ya kazi. Tena kazi hiyo haina usiku. Mama halali saa tatu mfululizo. Hulala saa moja na nusu, huamka, hulala tena.

Mwilini mwake pia kuna kazi kubwa. Amepoteza damu katika kuzaa. Tumbo la uzazi, ambalo baada ya kuzaa lina uzito wa kama kilo moja, lapaswa kurudi kuwa dogo katika majuma sita, nalo huuma wakati mtoto anyonyapo. Jasho ni jingi, maziwa yanajaa, na kidonda kikiwako chahitaji kupona.

Kisha kuna machozi. Akina mama wengi, tangu siku ya tatu hivi, hulia bila sababu. Mama hulia kwa sababu mtoto ni mzuri, hulia kwa sababu bukari imepoa. Baada ya dakika chache anacheka. Machozi haya hutokea mwili unapobadilika baada ya kuzaa, nayo hupita yenyewe kabla ya majuma mawili kwisha. Hayahitaji dawa, bali usingizi, chakula na mtu wa kukaa karibu.

Mambo yanayowatisha jamaa

Mtu aliye mbali haoni uso wa mama. Huona maneno tu. Basi maneno yasiyo na kipimo humtisha. Mama akiandika, "Nimekwisha, sina nguvu tena," yeye anataka kusema kwamba hakulala. Lakini shangazi aliye Kolwezi, akiyasoma saa tano za usiku, asoma habari ya kifo. Atapiga simu kwa watu kumi, na kila mmoja ataongeza neno lake. Asubuhi watu watakuwa katika motokari, wamekopa pesa ya safari, na nyumba ya mama aliyechoka itajaa wageni wa kupikiwa.

Picha nayo husema. Chupa ya serumu ikionekana nyuma ya kitanda, hata ikiwa imekwisha kazi, watu hawatasoma maneno yaliyo chini. Watatazama chupa.

Lakini kuficha kwadhuru vilevile. Mama akiandika kila siku, "Tuko sawa kabisa," watu humwamini. Mama mkwe atarudi kwake, na wamama wa kanisa watakwenda kwa mwenye shida mwingine. Hawana kosa, maana waliambiwa hakuna haja.

Namna ya kuandika

Yafaa maneno ya chini ya picha yawe na mambo manne.

La kwanza, taja uchovu pamoja na sababu yake na hesabu yake. "Nimechoka" peke yake halina mwisho. "Nimechoka kwa sababu ananyonya mara tano usiku" lina mwisho, na kila mwanamke aliyezaa atalielewa.

La pili, sema nani amekupima na lini. Ndilo neno linaloondoa hofu kuliko yote. Akina mama huitwa kupimwa tena baada ya kutoka: katika siku ya pili au ya tatu, kisha katika juma la pili, kisha katika juma la sita. Ukiwa umepimwa, andika hivyo. Ukiwa hujapimwa, nenda kwanza, ndipo uandike.

La tatu, taja upendo kwa kazi yake. Ukiandika tu kwamba unapendwa, jamaa watafurahi, lakini hawataona kitu. Ukiandika kwamba baba wa mtoto amechota bidoni mbili za maji kabla ya kwenda kazini, wataona nyumba yako yote. Hapo watajua kwamba hukuachwa, na hofu yao itatulia.

La nne, waambie wafanye nini, na wakati gani. Mtu mwenye upendo asipopewa kazi, hutafuta yake mwenyewe, nayo mara nyingi ni safari.

Tuchukue mfano. Kuna mama wa Katuba, amezaa mtoto wa pili. Ni siku ya 8. Jana alilia mara mbili, usiku ameamka mara tano, na leo mchana amelala saa mbili mama mkwe alipomshika mtoto. Mara ya kwanza aliandika hivi: "Jamani, uzazi ni vita. Nimekwisha. Mniombee." Kabla ya kutuma alimsomea mumewe. Mume akamwuliza, "Kaka yangu akiyasoma haya, atafikiri nini?" Mama akafuta, akaandika hivi:

"Baba na mama zetu, jambo. Huyu ndiye mwana wenu, siku ya 8. Ananyonya vizuri, mara tano usiku, kwa hiyo mimi nimechoka sana, na jana nililia kidogo. Jumatatu bibi mkunga alitupima sote wawili, hakuona ugonjwa. Mama mkwe anapika bukari na sombe, baba wa mtoto anafua vitambaa, mimi nalala mchana. Najiona napendwa. Msifunge safari sasa. Mje mwisho wa mwezi, nanyi wa Kasenga mlete samaki wa Luapula. Jioni mnaweza kupiga simu, baba wa mtoto atajibu."

Tazama: uchovu umo, machozi yamo, hakuna uwongo hata mmoja. Lakini anayesoma anaweza kulala usiku.

Mambo yasiyofaa kungoja picha

Yako mambo mengine ambayo si ya kuandikwa chini ya picha, wala si ya kupambwa kwa maneno mazuri. Ni ya kupelekwa hospitali saa ileile, usiku au mchana: damu inayolowanisha kitambaa kizima kwa muda usiofika saa moja, homa ya digrii 38 au zaidi, kichwa kuuma sana na macho kuona giza, degedege, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kupumua kwa shida. Mama anayepauka, ambaye moyo wapiga mbio akienda hatua chache tu uani, huenda damu yake imepungua, naye apimwe damu.

Na kuna uchovu wa moyo usiopita. Wapambanue kwa usingizi. Mama mwenye uchovu wa kawaida, ukimshikia mtoto, hulala mara moja. Mama mgonjwa wa moyo hulala macho wazi, ijapokuwa mtoto amelala na nyumba imetulia. Huzuni yake imepita majuma mawili, hana hamu ya chakula, hana furaha ya mtoto, ajiona hafai kitu. Akisema kwamba afadhali asingekuwapo, au akiwaza kumdhuru mtoto, au akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, asiachwe peke yake hata kidogo. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Ugonjwa huu si laana. Katika miaka ya 1970, daktari Mwingereza jina lake John Cox alikaa Uganda akichunguza akina mama wa Buganda. Alikuta watu wakiita wazimu wa baada ya kuzaa amakiro, na wengi wakisema kwamba umeletwa na uzinzi wa mama wakati wa mimba. Ni rahisi kuona kwa nini mwanamke angenyamaza! Baadaye, mwaka 1987, daktari huyo pamoja na wenzake kule Edinburgh walitangaza maswali 10 ya kumwuliza mama juu ya siku zake 7 zilizopita. Maswali hayo sasa hutumika katika nchi nyingi. Swali la mwisho lauliza kama amewaza kujidhuru. Hakuna swali lolote juu ya dhambi, kwa sababu huu ni ugonjwa, nao hutibiwa.

Neno kwa jamaa

Ninyi mnaopokea picha, msiulize mbele ya kikundi kizima, "Mbona umekonda hivi?" Mpigieni baba wa mtoto, au nkambo aliye nyumbani, mwulize maswali matatu: Amelala mtoto alipolala? Amekula? Amepimwa lini? Majibu yakiwa mema, shukuruni, mtume gunia la makala au pesa ya sabuni. Majibu yakiwa mabaya, msitume maombi tu. Semeni apelekwe hospitali leo, nanyi mwombe akiwa njiani.

Kumbukeni habari za Eliya katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Alikuwa amechoka hata akataka kufa. Malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, kisha akampa chakula mara ya pili. Maneno yalikuja baadaye. Mama aliyezaa naye atendewe vivyo hivyo: chakula na usingizi kwanza, ndipo maswali.