Je, Wajua? Uboho Hujibu kwa Chembe za Siku Moja

Wekundu wa damu hukuambia mtu amebakiwa na damu kiasi gani. Hesabu ya retikulosaiti, yaani chembe nyekundu changa zilizotoka tu kwenye uboho wa mifupa, hukuambia jambo la pili: je, mwili unaifidia damu inayopungua? Majibu yake yana maajabu mengi.

Wekundu wa kutosha Tanga haukutoshi Momela

Mwanamke asiye mjamzito mwenye wekundu wa gramu 12.6 kwa desilita anahesabiwa kuwa na damu ya kutosha akiwa mkazi wa Tanga. Angekuwa mkazi wa Momela, chini ya Mlima Meru, namba hiyo hiyo ingehesabiwa kuwa upungufu wa damu.

Huko juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo figo hutoa kwa wingi homoni ya erithropoietini, inayouamuru uboho utengeneze chembe nyekundu zaidi. Mkazi mwenye afya anatarajiwa kuwa na wekundu mkubwa kidogo kuliko mtu wa pwani. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 unataka kipimo cha mkazi wa mita 1,000 hadi 1,499, kama Arusha mjini, kipunguzwe gramu 0.8 kabla ya kusomwa, na cha mkazi wa mita 1,500 hadi 1,999 kipunguzwe gramu 1.1. Lango la Momela liko karibu na mita 1,500. Toa 1.1 kwenye 12.6 unabaki na 11.5, na mpaka wa mwanamke asiye mjamzito ni 12.

Mgeni naye mwili wake huanza kujirekebisha mara tu anapopanda. Homoni hupanda ndani ya saa chache, na retikulosaiti huongezeka baada ya siku kadhaa. Wengi hupanda Meru na kushuka kwa siku 3 au 4, wakati uboho ndio kwanza unaanza kujibu.

Kila sekunde unazaa chembe nyekundu milioni 2

Uboho wa mtu mzima mwenye afya hutoa takriban chembe nyekundu milioni 2 kila sekunde, usiku na mchana. Kila chembe huishi kama siku 120, maana yake karibu asilimia 1 ya chembe zote hufa na kufidiwa kila siku.

Chembe changa ikitoka kwenye uboho imeshatupa kiini chake, lakini bado ina mabaki ya mitambo iliyoitengenezea hemoglobini. Mabaki hayo huisha baada ya siku moja hivi ndani ya damu. Basi katika chembe 100 zinazozunguka mwilini, karibu 1 inapaswa kuwa ya leo. Ndiyo sababu kiwango cha kawaida cha mtu mzima ni kati ya asilimia 0.5 na 2.5.

Rangi ya bluu huingia kabla damu haijakaushwa

Kwenye slaidi ya kawaida ya hadubini, retikulosaiti hujificha. Huonekana kama chembe kubwa kidogo, yenye rangi ya bluu kwa mbali, na hata jicho lililozoea linaweza kuipita.

Kuifichua, mtaalamu wa maabara huchanganya damu mbichi na rangi iitwayo methilini bluu mpya, huiacha kwenye joto la mwili kama dakika 15, kisha hutandaza tone kwenye kioo. Sasa mabaki yale huonekana kama nyuzinyuzi na vitone vya bluu ndani ya chembe. Kwa kawaida anahesabu chembe nyekundu 1,000 na kuandika ngapi kati yake zina nyuzi. Akikuta 10, jibu ni asilimia 1.

Udhaifu wa njia hii uko kwenye bahati. Mtu mwenye asilimia 1 kamili anaweza kuonekana na chembe 4 kwenye slaidi moja na 16 kwenye nyingine bila mtu yeyote kukosea. Mashine huhesabu makumi ya maelfu, kwa hiyo huyumba kidogo. Lakini vimelea vya malaria navyo hunywa rangi, na vinaweza kuidanganya mashine ikavihesabu kama retikulosaiti. Slaidi ya malaria ikisomwa pamoja na hesabu hiyo, mtego huu hugundulika.

Asilimia 6 inaweza kuwa jibu dhaifu

Hapa ndipo wengi hushangaa. Tuchukue mfano wa wagonjwa wawili katika hospitali ya Arusha. Wote wana hematokriti ya 25, yaani chembe nyekundu zimejaza robo tu ya damu yao, wakati kiwango cha kulinganishia ni 45. Wa kwanza ana retikulosaiti asilimia 6, wa pili asilimia 15. Asilimia 6 imezidi kiwango cha kawaida zaidi ya mara mbili, na ungedhani uboho wa mgonjwa wa kwanza unafanya kazi nzuri.

Masahihisho mawili yanahitajika. La kwanza: chembe zote zimepungua, kwa hiyo asilimia hupanda hata kama idadi halisi ya chembe changa haijaongezeka. Zidisha 6 kwa 25, gawanya kwa 45, unapata 3.3.

La pili ni muda. Uboho unaodaiwa damu hufanya kama mwenye kitalu cha kahawa ambaye wateja wamemzidi: hutoa miche kabla ya wakati wake. Retikulosaiti iliyotolewa mapema hukaa ndani ya damu kama siku 2 badala ya 1, kwa hiyo huhesabiwa leo na kesho tena. Kwa hematokriti ya 25 tunagawanya kwa 2. Sasa 3.3 inakuwa karibu 1.7.

Matokeo yakiwa chini ya 2, uboho haujibu kama inavyopaswa. Yakizidi 3, unajibu vizuri. Mgonjwa wa pili, kwa hesabu hiyo hiyo, anapata karibu 4.2.

Tofauti hiyo huwapeleka kwenye njia mbili za uchunguzi. Wa kwanza anatafutiwa kinachoukwamisha uboho: ukosefu wa madini ya chuma, wa vitamini B12 au asidi ya foliki, figo zisizotoa homoni ya kutosha, ugonjwa wa muda mrefu, au ugonjwa wa uboho wenyewe. Wa pili uboho wake ni mzima, na swali ni chembe zinapotelea wapi: anavuja damu mahali, au zinavunjwa ndani ya mwili? Macho ya njano na mkojo mweusi huelekeza kwenye kuvunjwa.

Malaria huua chembe, kisha huunyamazisha uboho

Vimelea vya malaria hupasua chembe nyekundu, kwa hiyo ungetegemea retikulosaiti zijae. Kwa watoto wengi wenye upungufu mkubwa wa damu uliotokana na malaria, zinakuwa chache kuliko inavyotarajiwa.

Sehemu ya maelezo ilitoka Kilifi, pwani ya Kenya. Mwaka 2006 watafiti walionyesha kwamba kukandamizwa kwa uboho kwa watoto wenye malaria kunahusiana na hemozoini, uchafu wa rangi ya kahawia ambao kimelea hubakiza baada ya kula hemoglobini. Walipoiweka hemozoini kwenye chembe zinazokua maabara, ukuaji ulizuilika.

Kwa hiyo hesabu ndogo siku ya homa si ushahidi kwamba uboho una ugonjwa wake mwenyewe. Malaria ikitibiwa, retikulosaiti hupanda katika siku zinazofuata. Zisipopanda, ndipo sababu nyingine hutafutwa.

Kwa mwenye selimundu, hesabu ya kawaida inaweza kuwa hatari

Tanzania hukadiriwa kupata watoto takriban 11,000 wenye ugonjwa wa selimundu kila mwaka. Chembe zao huishi kama siku 10 hadi 20 tu, na uboho hukimbizana nazo maisha yote. Retikulosaiti za asilimia 5 hadi 20 ni hali yao ya kila siku.

Kirusi cha parvovirasi B19 huushambulia uboho na kusimamisha uzalishaji kwa siku 7 hadi 10. Mtu mwenye chembe za siku 120 hupoteza chini ya sehemu moja ya kumi ya damu yake na huenda asihisi chochote. Mtoto wa selimundu anaweza kupoteza nusu au zaidi. Wekundu huporomoka na retikulosaiti hushuka chini ya asilimia 1. Akiongezewa damu kwa wakati, uboho huamka wenyewe.

Dawa ya haidroksiyurea nayo hupunguza retikulosaiti, lakini kwa sababu tofauti: chembe zinadumu zaidi, kwa hiyo hazihitaji kufidiwa kwa kasi ile. Retikulosaiti zikishuka huku wekundu unapanda, dawa inafanya kazi. Vyote viwili vikishuka pamoja, daktari husimamisha dawa kwanza.

Daktari alikula nyama, na chembe changa zikatoa hukumu

Mwishoni mwa miaka ya 1920, William Castle wa Boston alitaka kujua kwa nini baadhi ya watu hukosa damu hata wakila vizuri. Kwa siku 10 aliwalisha wagonjwa nyama, na retikulosaiti hazikusogea. Kisha yeye mwenyewe alikula nyama, akaitoa tumboni baada ya saa moja, na kuwapa wagonjwa kila siku kwa siku 10 nyingine. Karibu siku ya sita retikulosaiti zilipanda. Alikuwa amethibitisha kuwa tumbo la mtu mwenye afya hutoa kitu kinachokosekana kwao, na leo tunajua kitu hicho husaidia kunyonya vitamini B12.

Mbinu yake inafaa hadi leo kwa vidonge vya madini ya chuma. Retikulosaiti huanza kupanda siku chache baada ya kuanza dozi na kufika kileleni kati ya siku ya 7 na ya 10, wakati wekundu huchukua wiki 2 hadi 4 kuonyesha ongezeko la wazi. Damu ya kipimo cha kwanza ichukuliwe kabla ya dawa na kabla ya kuongezewa damu, kwa sababu chembe za mchangiaji huchanganyika na za mgonjwa na kuharibu hesabu.

Siku ya 10 ikifika na hesabu haijasogea, maswali ni manne. Je, vidonge vinamezwa, au vinamezwa pamoja na chai inayozuia chuma kunyonywa? Je, damu bado inavuja, kwa minyoo ya safura au hedhi nzito? Je, kuna maambukizi yanayoukwamisha uboho? Na je, tangu mwanzo tatizo lilikuwa chuma kweli?