Nyundo Ikigonga Sapoti

Tarehe 24 Januari 2022, S&P 500, kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa za Marekani, kilifungua kwenye 4,356, kikaporomoka mchana hadi 4,222, kisha kikapanda na kufunga kwenye 4,410. Kwenye chati ya siku, mshumaa uliochorwa ulikuwa na kiwiliwili cha pointi 54, utambi wa chini wa pointi 134, na juu yake karibu hakuna kitu. Hiyo ni nyundo kamili. Tena ilitua mahali penye maana: mwanzoni mwa Oktoba 2021 bei ilikuwa imeshuka hadi karibu 4,279 na kugeuka, kwa hiyo wengi walipahesabu hapo kuwa sapoti. Wauzaji waliivunja, lakini hawakuweza kuibana bei chini yake hadi soko lifungwe.

Tarehe 2 Februari kipimo kilifunga kwenye 4,589. Tarehe 24 Februari, siku Urusi ilipoivamia Ukraine, kilishuka hadi 4,114, chini kabisa ya ncha ya ule utambi. Sasa nyundo ile ilifaulu au ilifeli? Jibu linategemea mnunuzi alitoka lini, na hilo halimo ndani ya mshumaa. Ulichosema mshumaa ni kwamba siku hiyo, kwenye bei hiyo, wanunuzi walijitokeza. Basi.

Mwaka huohuo ukatupa mfano wa pili. Bei ilikuwa imepanda kutoka 2,192 Machi 2020 hadi 4,819 Januari 2022, na nusu ya safari hiyo ni karibu 3,505, mahali ambapo macho ya wengi yalikuwa yakingoja. Asubuhi ya 13 Oktoba takwimu za mfumuko wa bei zilitoka mbaya kuliko ilivyotarajiwa. Soko lilifungua 3,520, likazama hadi 3,492, kisha likageuka na kufunga 3,670. Jana yake lilikuwa limefungua 3,591 na kufunga 3,577, hivyo kiwiliwili kipya kilikimeza cha jana chote. Vitabu vinauita mshumaa wa kumeza.

Lakini tazama kilichomezwa: pointi 14 tu. Mshumaa wa jana ulikuwa mdogo kiasi kwamba karibu siku yoyote yenye pilikapilika ingeumeza. Uzito haukuwa katika kumeza. Ulikuwa katika ukweli kwamba habari mbaya ilitoka, bei ikashuka hadi sapoti, na bado ikafunga karibu pointi 178 juu ya shimo. Mimi hupima hivyo: kwanza mahali, pili tukio, umbo la mshumaa mwisho.

Tuseme mtu ana dola 10,000 na hataki kupoteza zaidi ya dola 100 kwa biashara moja. Ananunua 3,670 na kuweka kikomo cha hasara 3,485, chini kidogo ya utambi. Umbali ni pointi 185, kwa hiyo ananunua kiasi ambacho kila pointi ina thamani ya takriban senti 54. Kesho yake soko lilifunga 3,583. Yuko chini kwa dola 47, hajatolewa. Jirani yake aliyeweka kikomo pointi 50 chini ya bei aliyonunulia, ili anunue kingi zaidi, ameshapoteza dola zake 100. Tarehe 25 Oktoba soko lilifunga 3,859, na yule wa kwanza ana faida ya kama dola 100. Mshumaa uleule, sapoti ileile.

Doji ni hafifu zaidi. Bei imefungua na kufunga karibu mahali pamoja, yaani siku imeisha bila mshindi, na hutokea pia siku ambazo watu wako likizo. Doji ikitokea kwenye sapoti, ngoja mshumaa unaofuata ufunge juu ya ncha yake. Usiponunua siku hiyo hujapoteza kitu.

Mwaka 2006 watafiti Marshall, Young na Rose walichapisha matokeo ya kujaribu mishumaa kwenye hisa za Dow Jones za 1992 hadi 2002. Hawakuona faida ya kutegemewa. Kwa hiyo anayenunua kila nyundo anayoiona hana msingi wa kutarajia zaidi ya bahati.

Wanaofanya foreksi wana tatizo jingine. Soko la sarafu halifungwi katikati ya wiki, hivyo mwisho wa siku huamuliwa na saa ya seva ya broka. Broka anayefuata saa ya New York hufunga mshumaa saa sita usiku kwa saa za Dar es Salaam na Nairobi, au saa saba majira ya baridi ya kule. Mwingine hufunga saa tatu baadaye. Nyundo inayoonekana kwa mmoja inaweza kuwa mshumaa wa kawaida kwa mwenzake, ingawa bei zilizopita ni zilezile. Kabla ya kuweka pesa, fungua chati ya saa nne nne uone kama wanunuzi kweli walijitokeza pale kwenye sapoti, au ni saa ya broka tu iliyokata siku mahali pazuri.